Kompyuta za zahanati: nani asasishe, lini, na zikigoma aambiwe nani

*"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mganga mfawidhi wa zahanati binafsi hapa Tukuyu. Tuna kompyuta tano za Windows 11 na nyingine moja ya zamani iliyounganishwa na mashine ya maabara. Kila mwezi kuna siku zinaanza apdeti asubuhi wagonjwa wakiwa kwenye foleni, na ikiisha mara nyingine printa ya risiti haitoi kitu. Fundi wetu anakaa Mbeya mjini. Mmiliki ameniagiza niandike sera ya ukurasa mmoja: nani anasasisha, lini, na tatizo linaripotiwaje. Niandike nini?"*

Marahaba, mganga. Tuanze na kalenda, kwa sababu hiyo siku ya kila mwezi inajulikana mapema. Microsoft hutoa masahihisho ya Windows Jumanne ya pili ya kila mwezi. Kwa saa zetu huwa ni saa 2 usiku, au saa 3 usiku wakati kwao ni majira ya baridi. Saa hizo zahanati imefungwa na kompyuta zimezimwa. Jumatano asubuhi karani anawasha, kompyuta zote zinagundua kwa pamoja kwamba kuna mzigo mpya, na zote zinaanza kuuvuta kwenye bando lile lile. Ndiyo sababu foleni inakwama siku hiyo hata kabla kompyuta yoyote haijajizima.

Ukishajua tarehe, sera yako ina kazi ya kuamua jambo moja kubwa: msubiri muda gani kabla ya kukubali sasisho. Ushauri wangu ni wiki moja, baada ya kulijaribu kwenye kompyuta moja. Matukio mawili yanaonyesha kwa nini.

Machi 9, 2021 Microsoft ilitoa sasisho la Windows 10 lenye namba KB5000802. Kwenye kompyuta zilizotumia aina fulani za printa, zikiwemo za Kyocera, mtu akibonyeza kuchapisha tu Windows ilianguka na kioo kikawa cha bluu. Marekebisho ya dharura yalitoka Machi 15, siku sita baadaye. Aliyekubali siku ya kwanza aliumia, aliyengoja wiki moja alikuta marekebisho yapo tayari. Upande wa pili kuna virusi vya WannaCry vilivyosambaa Mei 12, 2017 na kufunga kompyuta za hospitali nyingi Uingereza, hadi wagonjwa wakaelekezwa kwingine. Tundu lililotumika lilikuwa limeshazibwa na sasisho la Machi 14, karibu miezi miwili kabla. Kwa hiyo wiki moja haikuwa tatizo, miezi miwili ndiyo ilikuwa tatizo. Wiki moja inakukinga na sasisho bovu bila kukuacha wazi kwa wahalifu. Mmiliki akikuuliza kwa nini msizime masasisho kabisa ili mpumue, mwambie habari ya Mei 2017.

Sasa siku yenyewe. Mimi ningechagua Alhamisi saa 10 jioni. Alhamisi ya kwanza baada ya Jumanne ya pili, kompyuta moja ya majaribio inasasishwa. Alhamisi inayofuata, ambayo tuiite siku ya kundi, zilizobaki. Nimekwepa Ijumaa kwa makusudi: kitu kikiharibika Ijumaa jioni, Jumamosi kuna wagonjwa na fundi wa Mbeya huenda hapatikani. Alhamisi inakupa siku nzima ya kazi ya kugundua na kupiga simu. Ratiba hii pia daima itaangukia kati ya tarehe 10 na 23, mbali na siku za mwanzo wa mwezi mnapofunga ripoti za MTUHA, na mbali na mwisho wa mwezi wa mahesabu. Mvua ya radi ikianza, na Rungwe mnaijua mvua ya jioni, ahirisheni hadi Jumanne. Kukatika kwa umeme katikati ya sasisho ndiko kunakoweza kuiacha kompyuta haiwaki kabisa. Kompyuta mpakato iwe imechomekwa kwenye chaja na betri imezidi nusu. Ya mezani isiguswe kama haina UPS inayoshika chaji.

Ili ratiba hii ifuatwe na Windows yenyewe, kuna mipangilio miwili. Wa kwanza unafanywa mara moja tu kwenye kila kompyuta: `Settings > Windows Update > Advanced options > Active hours`, weka `7:00 AM` hadi `6:00 PM`. Hapo haitajiwasha upya yenyewe saa za wagonjwa, ingawa bado inaweza kuvuta data. Wa pili ni wa kila mwezi: Jumatatu ya kabla ya Jumanne ya pili, kwenye kompyuta zote isipokuwa ya majaribio, fungua `Windows Update`, kwenye `Pause updates` chagua wiki 3. Alhamisi yao ikifika, bonyeza `Resume updates`. Ya majaribio ifanyiwe hivyo hivyo, ila kwa wiki 2, na ifunguliwe Alhamisi ya kwanza. Antivirasi haihusiki na kusubiri huku, iachwe ijisasishe kila siku.

Kwa ajili ya bando, ndani ya `Advanced options` kuna `Delivery Optimization`. Washa na uchague `Devices on my local network`. Siku ya kundi, anzeni na kompyuta moja, ikimaliza kuvuta ndipo muanze nyingine, na sehemu kubwa ya mzigo inaweza kutoka kwa jirani yake humo ndani badala ya intaneti.

Kompyuta ya majaribio ichaguliwe kwa akili. Isiwe ile iliyobeba kumbukumbu za wagonjwa ambayo nyingine zote zinaitegemea. Hiyo husasishwa mwisho kabisa. Isiwe ya dirisha la dawa. Lakini pia isiwe ile ya pembeni inayotumika kuandika barua tu, maana haitawaonyesha kitu. Inatakiwa itumie mfumo ule ule wa wagonjwa na printa ya aina ile ile, ila kazi yake iweze kuhamia kwenye karatasi kwa siku moja bila mgonjwa kuumia. Kwa zahanati nyingi za ukubwa wenu hiyo ni kompyuta ya mhasibu.

Kuhusu nani: asiwe fundi. Fundi wa Mbeya ni mtu wa kuitwa kitu kikishindikana. Anayebonyeza lazima awe mtu ambaye yupo Alhamisi jioni na atakuwepo Ijumaa asubuhi kuona matokeo. Chagua mtumishi mmoja na msaidizi wake mmoja, na kwenye ukurasa andika majina yao, si "kitengo cha TEHAMA". Mtu akihama, kata jina kwa kalamu, andika jipya, weka sahihi na tarehe. Watumishi wengine wote watumie akaunti za kawaida ambazo haziwezi kuweka programu. Nywila ya akaunti kuu iwe kwa hao wawili, na nakala ndani ya bahasha iliyofungwa kwenye sefu ya fedha. Na kijana yeyote wa familia ya mmiliki aliyekuja likizo, hata kama anasoma kompyuta chuoni, asiruhusiwe kuzigusa. Nimeona hili likigharimu data ya miezi.

Kabla ya Alhamisi ya kwanza kuna jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wameshafungiwa nje. Kompyuta nyingi za Windows 11 huwa diski yake imefungwa kwa BitLocker bila mwenye nayo kujua. Baada ya baadhi ya masasisho, kompyuta inaweza kuwaka na kudai ufunguo wa tarakimu 48. Ilitokea Julai 2024 kwa sasisho la KB5040442. Ufunguo huo huwa umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika siku kompyuta inawashwa mara ya kwanza, na mara nyingi akaunti hiyo ni ya muuzaji au ya mtumishi aliyeshaondoka. Kwa hiyo leo, kwenye kila kompyuta, fungua Command Prompt kama msimamizi (`Run as administrator`) na uandike:

```
manage-bde -protectors -get C:
```

Ikionekana `Numerical Password`, yale mafungu manane ya tarakimu sita sita ndiyo ufunguo. Yaandikeni kwa mkono pamoja na namba ya kompyuta na `ID` yake, muweke kwenye ile bahasha ya sefu. Isipoonekana, kompyuta hiyo haina ufunguo wa namna hiyo, endeleeni.

Na kila Alhamisi ya kazi, kabla ya kubonyeza chochote, bakapu ya kumbukumbu za wagonjwa ichukuliwe kwenye diski ya nje, faili lifunguliwe kuhakikisha linasomeka, kisha diski ichomolewe. Diski iliyobaki imechomekwa huliwa na virusi pamoja na kompyuta.

Tuje kwenye kuripoti, ambako sera nyingi huandika "tatizo liripotiwe mara moja" na kuishia hapo. Nunua kaunta buku moja, ikae mapokezi. Kila tatizo linaandikwa: tarehe na saa, namba ya kompyuta, mtu alikuwa anafanya nini, maneno yaliyotokea kwenye kioo kama yalivyo, nani ameambiwa, na lilivyoisha. Bandika namba kwenye kila kompyuta ili mtu asiandike "ile ya dirishani". "Imegoma" haimsaidii fundi. "Saa 2:15, Kompyuta 2, nachapisha risiti, karatasi haitoki, hakuna ujumbe" inamsaidia hata akiwa Mbeya.

Niichukue printa yenu hiyo nikuonyeshe daftari linavyofanya kazi. Alhamisi jioni Kompyuta 2 ya mhasibu imesasishwa. Ijumaa asubuhi risiti haitoki. Mhasibu anaandika daftarini, anaendelea na kitabu cha risiti cha mkono, anamwita msasishaji. Msasishaji hasemi bado kwamba ni sasisho. Anaangalia kwanza `Settings > Bluetooth & devices > Printers & scanners`. Hapo kuna kitufe `Let Windows manage my default printer`. Kikiwa kimewashwa, Windows huifanya printa iliyotumika mwisho kuwa ndiyo ya kawaida, na risiti zenu huenda ziko kwenye foleni ya ile printa kubwa ya A4. Hii ndiyo sababu ninayokutana nayo zaidi, na mara nyingi sasisho ndilo linalolaumiwa. Akizime, aichague printa ya risiti, abonyeze `Set as default`.

Kama haikuwa hiyo, anachukua printa inayofanya kazi kutoka Kompyuta 3, ambayo ni ya aina ile ile na haijasasishwa, anazibadilisha. Printa ya Kompyuta 2 ikichapa vizuri kwenye Kompyuta 3, basi printa na waya wake ni wazima, ugonjwa uko kwenye Kompyuta 2. Anafungua `Windows Update > Update history`, anaona sasisho lililoingia Alhamisi, anaandika namba yake ya KB daftarini. Kisha kwenye ukurasa huo huo anabonyeza `Uninstall updates`, analiondoa lile la Alhamisi, anawasha upya, anachapisha. Printa ikirudi, mhalifu amepatikana: Kompyuta 2 inasimamishwa kwa `Pause updates`, zile nne hazifunguliwi Alhamisi inayofuata, na fundi anapigiwa akiwa na namba ya KB mkononi. Isiporudi, sasisho halina kosa, lirudishwe, na fundi atafute kwingine. Kusubiri huku pia kuna mwisho. Msivuke siku 35, kwani ndipo `Pause updates` inapoishia na Windows italazimisha sasisho jipya kabla ya kukubali kusimama tena.

Ona kwamba wakati wote huo dirisha la dawa na chumba cha mganga havikusikia kitu. Hiyo ndiyo faida ya kuanza na kompyuta moja.

Yapo matatizo ambayo hayangoji daftari. Mgonjwa akisubiri dakika 10 kwa sababu ya kompyuta, watumishi wahamie kwenye fomu za karatasi na msasishaji apigiwe simu, kuandika kutafuata. Kioo kikidai pesa au mafaili yakibadilika majina, mtu achomoe waya wa mtandao, azime ruta, asiguse kingine, apige simu. Na ukurasa wowote wa intaneti unaosema "kivinjari chako kimepitwa na wakati, bonyeza hapa" ni mtego. Sasisho halali hupatikana ndani ya mipangilio ya kompyuta yenyewe. Mtu akipiga simu akidai anatoka Microsoft, kata.

Picha za kioo zinazotumwa kwa fundi kwa WhatsApp zinahitaji sentensi yake. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Jina la mgonjwa na majibu ya vipimo vyake visiwemo kwenye picha. Funga kwanza dirisha la mgonjwa, au nakili ujumbe kwa mkono.

Kompyuta ya maabara iondoeni kabisa kwenye ratiba. Programu ya mashine ya vipimo hupimwa na mtengenezaji kwa toleo maalumu la Windows, na ukilibadilisha huna uhakika tena na majibu inayotoa. Inasasishwa na wakala aliyewauzia tu. Kwa kuwa ni ya zamani, andika `winver` kwenye kisanduku cha kutafuta uone toleo. Ikiwa ni Windows 10, msaada wake wa kawaida ulikwisha Oktoba 14, 2025. Dawa yake ni kuitenga: hakuna intaneti, hakuna flashi za watu, na majibu yahamishwe kwa kuchapishwa au kwa flashi moja ya maabara inayokaguliwa kwanza na antivirasi. Mashine ya EFD nayo iachwe kwa wakala wake.

Ukurasa wenyewe uandike hivi, ujaze majina:

> SERA YA KUSASISHA KOMPYUTA
>
> Msasishaji ni ____________. Asipokuwepo ni ____________. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kusasisha, kuweka au kuondoa programu. Fundi huitwa na hao wawili au na mganga mfawidhi.
>
> Jumatatu kabla ya Jumanne ya pili ya mwezi, msasishaji anasimamisha masasisho kwenye Kompyuta 1 hadi 5. Alhamisi ya wiki hiyo saa 10 jioni anasasisha Kompyuta 2 pekee. Ijumaa mhasibu anajaribu kufungua faili la mgonjwa, kuchapisha risiti na kutoa ripoti ya siku, na kuandika matokeo daftarini. Pasipo tatizo hadi Alhamisi inayofuata, zinasasishwa Kompyuta 3, 4 na 5, na mwisho Kompyuta 1 yenye kumbukumbu za wagonjwa.
>
> Kabla ya kuanza: bakapu imechukuliwa na diski imechomolewa, umeme na UPS viko sawa, hakuna radi, hakuna mgonjwa anayehudumiwa kwenye kompyuta hiyo. Ikishindikana, ni Jumanne inayofuata.
>
> Fundi akithibitisha kuna sasisho la dharura la usalama, Kompyuta 2 inasasishwa siku hiyo hiyo jioni na nyingine kesho yake jioni.
>
> Simu na vishikwambi vya zahanati vinasasishwa na msasishaji siku zinaposasishwa Kompyuta 3, 4, 5 na 1. Ruta inakaguliwa na fundi kila miezi mitatu. Kompyuta ya maabara na EFD husasishwa na wakala tu.
>
> Tatizo lolote linaandikwa kwenye daftari la mapokezi: saa, namba ya kompyuta, kazi iliyokuwa ikifanyika, maneno ya kioo. Aliyeona tatizo harekebishi. Mgonjwa akisubiri dakika 10, tumia fomu za karatasi na piga simu: ____________. Kioo kikidai pesa, chomoa waya wa mtandao, zima ruta na piga simu. Usitume picha yenye taarifa za mgonjwa.
>
> Mganga mfawidhi anasoma na kusaini daftari kila Ijumaa.
>
> Sahihi ____________ Tarehe ____________

Hiyo sentensi ya daftari kusainiwa kila Ijumaa ni kazi yako, mganga, usimwachie mtu. Watumishi wakiona ukurasa umepita bila sahihi yako, wataacha kuandika, na fundi atarudi kuuliza "ilianza lini?" bila kupata jibu. Ibandike karatasi ukutani mapokezi juu ya daftari, nakala moja iwe kwa mmiliki, na namba ya simu iandikwe kwa herufi kubwa zinazosomeka ukiwa umesimama.